Mbwa wa Babu kwenye Gome

Dada yangu Edna,

Pokea salamu za mdogo wako Lorna na za wote waliobaki huku nyumbani, wenye miguu miwili na minne. U hali gani huko mjini Darwin? Mwanao Leroy ananiambia kwamba siku tatu za kila juma kwenye mashine ya kusafisha damu zinakuchosha, ila bado unawafokea wauguzi wakichelewa. Niliposikia hilo nikatulia, nikajua u mzima. Sisi hatujambo. Mvua imekata, nyasi ndefu zimelala, na jana tulianza kuchoma moto mdogo mdogo kandokando ya mto.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu nina neno ambalo kwenye simu ningelichekacheka mpaka nikalimeza. Litafika zamu yake. Kwanza nikupe habari ya furaha: lile gome la mti alilolichora babu limepatikana.

Ndiyo, ni lile la samaki saratoga, ambalo kwa ajili yake baba alikufukuza penye jiwe la kusagia rangi. Nilikuwa na miaka sita, wewe kumi na mmoja. Mtu wa misheni alilibeba, na tangu hapo hatukujua limeangukia wapi. Kumbe liko kwenye jumba la makumbusho kule kusini. Walikuwa wanaandaa maonyesho ya wanyama katika sanaa, kuanzia mapangoni hadi leo, wakatutumia picha watuulize tunakijua hicho kitu. Chini yake waliandika: "Samaki barramundi na mbwa. Mchoraji hajulikani." Dada, nilikasirika hata chai ikanipoa mkononi. Nikaandika kwamba ni la Narlangga, babu yetu, na tunalitaka nyumbani. Wakajibu kwa adabu kwamba twende tukathibitishe, maana gome lisilo na jina hawawezi kumrudishia mtu.

Basi tukaenda, mimi na Leroy. Yule samaki ni wa ukoo wetu, na mtoto wa binti wa ukoo ndiye mlinzi wake. Bila mlinzi mimi nisingefungua kinywa mbele ya watu. Kulikuwa na baridi, na mwanao alivaa fulana mbili na koti la kuazima.

Bosi wa maonyesho, mama mmoja mrefu aitwaye Dokta Fenwick, alitupitisha kwanza kumbini. Kulikuwa na picha za nyati wa mapango ya Ulaya, wanene, wamechorwa palepale mwamba ulipotuna ili tumbo litokeze. Nikamwambia aliyechora vile alikuwa na njaa na alikuwa na heshima. Kulikuwa na paka wa Misri aliyefungwa vitambaa kama maiti ya mfalme, kwa sababu alikuwa wa mungu wao. Kulikuwa na mabwana juu ya farasi, na mbwa thelathini wakimkimbiza paa mmoja. Leroy akauliza, "Watu wote hao kwa paa mmoja? Mgao wake ulikuwaje?" Mwisho, bibi mwenye hariri na kijibwa mapajani. Dokta akaeleza kwamba kijibwa kile ni ishara ya uaminifu. Leroy akaninong'oneza kwamba kwetu ishara hiyo ingeshaiba nyama.

Halafu tukafikishwa kwa babu. Amelazwa juu ya meza nyeupe, amepinda kidogo pembeni. Nililia, sikufichi.

Nilipofuta macho nikaanza kazi. Nikawaambia barramundi ana mapezi mawili mgongoni na paji lililobonyea. Huyu mgongo umenyooka, pezi ni moja tu na liko nyuma kabisa karibu na mkia, na mdomo unatazama juu. Ni saratoga. Babu amemchora nje na ndani, uti wa mgongo, ini, utumbo, kama tunavyochora sisi, maana asiyejua kumpasua mnyama na kumgawa hajui kumchora. Na yale madoa ndani ya kinywa, waliyoandika kuwa ni chakula, ni mayai. Saratoga jike huatamia mayai yake kinywani. Ndiyo maana ni mama wa ukoo wetu na si kitoweo tu. Kijana mmoja wa pale akaanza kuandika haraka haraka.

Nikawaonyesha pia ile mistari myembamba iliyopishana, miwili myekundu, mmoja mweupe, mmoja wa njano. Hiyo ndiyo saini ya ukoo. Leroy akasema mpangilio ule ni wetu, na hakuna mtu mwingine mwenye ruhusa ya kuutumia.

Dokta Fenwick si mjinga. Alikubali samaki ni wa ukoo wetu, lakini akasema ukoo una wachoraji wengi, na kuna tatizo la mbwa. Samaki amechorwa kwa burashi ya kijiti, mistari haitetemeki. Mbwa amechorwa kwa kidole, bila utumbo wala mifupa, sikio moja limeliwa. Huo ni mkono mwingine, akasema, basi huenda gome lilimalizwa kwingine, na huyo mbwa labda ni ishara ya uwindaji, au mnyama mtakatifu wa watu wengine. Maadamu hajulikani, jina la Narlangga hawawezi kuliandika.

Leroy akanigeukia. Hilo alikuwa halijui. Hata wewe hulijui.

Edna, yule mbwa si ishara wala si mtakatifu. Ni Tumbaku, yule mwizi wa tumbaku ya babu, aliyeng'atwa sikio na nguruwe. Nilimchora mimi.

Babu alikwenda kunawa mtoni. Gome lilikuwa limeegemezwa ukutani likauke, na udongo mweupe uliokuwa umeusaga wewe tangu asubuhi ulikuwa bado na maji. Nilimwona Tumbaku amelala, nikamhurumia kwamba hayumo mchoroni. Baba aliporudi aliuliza ni binti gani aliyethubutu kugusa samaki wa ukoo, akaona mikono yako myeupe. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba, nimemkumbatia mbwa. Nilisikia unalia na nikanyamaza. Babu aliporudi akamwona yule mbwa kwenye gome, akasema, "Mwacheni, naye ana njaa." Ila neno la baba lilikuwa limeshatoka. Wewe ukaenda jikoni kwa misheni kuoka mikate, na miaka iliyofuata, wanawake waliporuhusiwa kuchora, mimi nikachora na wewe ulisema mikono yako haina bahati.

Nimelibeba hili miaka sitini. Naliombea msamaha kwako kabla ya mtu mwingine, ingawa pale mezani nililazimika kuwaambia wao kwanza.

Niliwaambia, "Mbwa ni wangu. Geuzeni gome. Huku kidole cha kulia kikichora, mkono wa kushoto ulilishika kwa nyuma lisianguke, na ulikuwa umejaa udongo mweupe. Kidole cha mwisho kimepinda." Nikawaonyesha kidole changu, kile kilichovunjika mwambani nikiwa mdogo zaidi. Watu wanne wakavaa glavu wakaligeuza. Kijikono cheupe kilikuwepo, kidole kimepinda.

Halafu Leroy akasema, "Kumbe ni wewe, mama mdogo! Na mama yangu ameoka mikate maisha yake yote." Alicheka mpaka Dokta akaketi chini naye akacheka, na mimi nikacheka huku nalia.

Maandishi mapya sasa yanasema: "Saratoga mwenye mayai. Narlangga. Mbwa Tumbaku: Lorna, mjukuu. Rangi: Edna, mjukuu." Hilo la mwisho nililidai mimi. Maonyesho yakiisha mwezi wa nane, gome linakuja nyumbani, likipitia Darwin, na wa kwanza kulishika utakuwa wewe. Leroy ameshawaambia, na mlinzi akisema imekwisha.

Ndani ya bahasha utakuta burashi, kijiti cha nyasi nilichokitafuna mwenyewe. Wakati wa mvua nilibandua gome zuri, nikalikausha kwa moto na kulikandamiza kwa mawe mpaka likanyooka. Halina kitu juu yake. Mwanao ametoa ruhusa umchore samaki.

Wasalimie wauguzi, na uwape pole. Ukija, kaa kwenye jiwe la rangi, upande aliokuwa akikaa babu. Rangi nitakusagia mimi.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kidole kilichopinda,
Lorna