Swali la Arobaini na Moja

Balige, 4 Februari 1995

Kwa binti yangu Tiurma, huko Batam,

Horas! Sisi wazima, ila goti la mama yako linamsumbua mvua ikinyesha. Natumaini nawe hujambo na kazi ya duka la kuchapa inaendelea.

Wazee wa kanisa wamenipa kazi ya kutunga kijitabu kipya cha darasa la kipaimara. Cha zamani kimechakaa, na watoto wanakariri kama kasuku. Mdogo wako Rotua yumo darasani mwaka huu. Nakutumia nilichoandika kwa mkono. Kipige chapa vizuri: swali, jibu, na chini yake aya ya Biblia. Namba ziwe kubwa, maana siku ya mtihani mimi hutaja namba tu, mtoto anasimama mbele ya usharika na kujibu. Usibadili neno.

Baba yako,
Mzee wa Kanisa Manahan

Batam, 26 Februari 1995

Kwa Amang,

Horas, Amang. Pole ya goti kwa Inang, alikande kwa maji ya tangawizi. Mimi mzima, usingizi tu sina. Mwanangu Sahat anaota meno, nachapa huku nimembeba mgongoni.

Kazi yako nzuri, nasema kweli. Maswali mafupi, na jibu linaanza kwa maneno ya swali ili mtoto asipotee. Amri Kumi, Imani, Sala ya Bwana, Ubatizo, Meza ya Bwana, kila moja na "Maana yake nini?" Nilikuwa nachapa huku nayaimba, kama wakati ule ukinisikiliza jikoni.

Kisha nikafika la arobaini na moja. "Ni nani asiyestahili Meza ya Bwana? Asiyestahili ni mwanamke aliyezaa kabla ya kubarikiwa madhabahuni, kama yule wa usharika wetu aliyekimbilia mjini."

Nilitoka nje nikatapika, Amang. Sisemi kwa mfano. Jirani akaniuliza, "Mimba tena?" Nikamwambia, hapana, ni katekisimu.

Unataka Rotua asimame mbele ya mabenchi yote aimbe hayo juu ya dada yake? Na baba wa mtoto, anayekunywa pombe ya tuak pale Balige kila jioni, swali lake namba ngapi?

Angalia tena. Majibu yote yana aya chini yake. Hilo halina. Wewe ndiye uliyenifundisha: jibu lisilo na aya ni maneno ya dukani.

Mwanao,
Nai Sahat

Balige, 19 Machi 1995

Kwa Tiurma,

Horas. Tuko salama.

Unajifanya mwalimu wa mwalimu? Hakuna jina lililotajwa pale. Sheria ya kanisa unaijua: aliyetengwa husimama mbele, hutubu, ndipo hurudishwa. Ungesimama, mtoto angekuwa amebatizwa.

Aya unayoitaka ni hii: Wakorintho wa Kwanza, sura ya kumi na moja, mstari wa ishirini na nane. Chapa.

Baba yako,
Mzee wa Kanisa Manahan

Batam, 9 Aprili 1995

Kwa Amang,

Horas. Sahat ana jino.

Nimeisoma aya yako. Inasema mtu ajipime mwenyewe. Haisemi apimwe na mzee wa kanisa na watoto wa miaka kumi na mitano. Ulidhani sitafungua? Kinyaa kimenizidi. Bora ungeliacha bila aya kuliko kulitafutia aya ya uongo.

Vijitabu hivyo, nimevituma kwa meli. Sikubadili neno, nimeacha tu. La arobaini na moja lina swali, na chini yake mstari mtupu. Aliyelitunga alijaze kwa mkono wake, watoto wakimtazama.

Nimeongeza moja:

42. Mtoto Sahat ni nani kwako?
Jibu: ..................

Hilo halihitaji aya. Kwetu mama huitwa Nai kwa jina la mwanawe, na babu huitwa Ompu kwa jina la mjukuu wa kwanza, hata muuza samaki sokoni anajua. Sahat anakaribia mwaka, nawe bado unatia sahihi kama mtu asiye na uzao.

Kutubu nitatubu, dhambi yangu naijua. Lakini sitakuwa mfano wa kukaririwa. Usiponijibu, nitaelewa.

Mwanao,
Nai Sahat

Balige, 2 Oktoba 1995

Kwa Tiurma,

Horas. Goti la mama yako limepoa kwa tangawizi.

Jumapili ilikuwa mtihani. Nilikuwa nimewaambia watoto la arobaini na moja nitalijaza baadaye, nikawa naahirisha. Mbele ya watu ulimi ukateleza kwa mazoea, nikalitaja. Zamu ilikuwa ya Rotua. Akasimama na kijitabu chake. "Amang, hapa pana mstari tu. Nisome nini?"

Watoto wakacheka. Bibi mmoja benchi la mbele akapaza sauti, "Jaza wewe, mzee! Kalamu si yako?"

Nilisimama pale kama mwanafunzi asiyesoma. Nilitazama ule mstari, nikaona aibu ya kuandika nilichokuwa nimekwisha kukiandika. Nikawaambia wote walifute kwa kalamu. Rotua amefaulu.

Neno lako la kutapika bado linanichoma, na sheria ya kutubu haikufutwa. Siku ukija kusimama, nitasimama kando yako, nami nitatubu langu.

La arobaini na mbili nimelijibu hapa chini.

Wako,
Ompu Sahat