Likizo Niliyonyimwa kwa Ajili ya Harusi ya Mwadi

Kashikishi, ng'ambo ya ziwa
Mwisho wa mwezi wa pili

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo wote, pamoja na dada yangu Mwadi na wote wanaolala chini ya bati lako. Mguu wako unasemaje siku hizi? Bado unavimba ukisimama sana jikoni? Najua utajibu kwamba umepona, kwa hiyo namwomba Mwadi anijibu kwa niaba yako. Mimi ni mzima, isipokuwa usingizi, ambao umenikimbia kwa sababu utakazozisoma hapa chini.

Barua hii inabebwa na Mama Kabibi, anayevusha chumvi na sabuni kwenda Kilwa, upande wenu wa ziwa. Atamkabidhi dereva wa basi la Lubumbashi. Ningeweza kupiga simu, lakini juzi uliniuliza neno moja tu, "Unakuja ao haukuji?", nikaanza kukueleza habari za duka, ukaanza kulia, na mtandao ukakatika. Kwenye karatasi hatukatiki.

Kwanza niseme ukweli, Mama, nilikukasirikia. Wewe ndiwe uliyeichagulia harusi ya Mwadi Jumamosi ya kwanza baada ya ziwa kufunguliwa, eti wageni wale samaki wabichi. Ni wazo zuri kwa anayepika. Lakini mwanao anafanya kazi kwenye duka la nyavu! Tangu mwezi wa kumi na mbili uvuvi umefungwa ili samaki wazae. Miezi yote hiyo nimekuwa napangusa vumbi kwenye maboya na kupanga ndoana ambazo hakuna anayezitaka. Ziwa likikaribia kufunguliwa, wavuvi wanakuja wote kwa pamoja, wa hapa Kashikishi na wa Mununga: nyuzi, risasi za kuzamisha nyavu, kamba, betri za taa. Wanasukumana kwenye kaunta kama watu wanaogombea mtumbwi wa mwisho. Katika mwaka mzima hakuna wiki mbaya zaidi ya kuomba ruhusa, na wewe ukachagua hiyo hiyo.

Nilijua pia kwamba tangu Baba alale, hakuna wa kumtoa Mwadi ila mimi. Watu wa bwana arusi watasimama mlangoni wakiimba na kuuliza, "Mwenye binti ni nani?" Nani atawajibu? Wajomba watajibu, ndiyo, lakini Mwadi aliniambia waziwazi kwenye simu: "Kaka, kama hauko, mi sitoke mu nyumba. Bataimba mpaka bachoke."

Basi nikaandika. Bosi wangu, Bana Mutale (huku "Bana" ni "Mama"), ni mama mnene wa makamo, mwenye duka na mwenye nyumba ninayopanga chumba cha nyuma. Tena karatasi zangu za kuishi huku zimesimama juu ya jina lake. Ndiyo maana nilipima kila neno. Hapa sheria inampa mfanyakazi siku mbili za likizo kwa kila mwezi alioutumikia, na mimi tangu nije sijagusa hata moja. Nikaandika kama tulivyofundishwa shuleni: anwani yangu kulia, yake kushoto, kichwa cha habari kikapigiwa mstari. Nikataja sababu, siku ninayoondoka na siku ninayorudi kazini. Nikaeleza kwamba Chola, mwenzangu wa dukani, atashika nafasi yangu, kwamba tutahesabu mali pamoja kabla sijaondoka, na kwamba funguo nitamkabidhi yeye mwenyewe Bana Mutale. Nikamaliza kwa unyenyekevu wote uliopo kwenye Kiingereza.

Chola aliisoma juu ya bega langu akacheka mpaka akashika kaunta.

"Weye, professeur! Karatasi yote hii ni ya nini? Sema kuna kilio. Kwa kilio wanakupa siku bila kuuliza."

"Nani amekufa?"

"Nyanya yako."

"Nyanya yangu alikufa zamani."

"Wangu pia. Mi nimeshamuzika mara tatu kwa hii duka."

Sikuweza, Mama. Si kwa sababu mimi ni mtakatifu. Niliogopa Bana Mutale asije akataka kufika msibani.

Nikampa barua mkononi asubuhi, kabla wateja hawajaingia. Aliisoma yote akiwa amesimama, akaikunja, akaitia kwenye mkoba wake, akauliza kama boksi za ndoana ndogo zimefika kutoka Mansa. Basi. Kesho yake hakusema kitu. Siku iliyofuata hivyo hivyo. Alikuwa ananituma kama kawaida, lakini chakula cha jioni, ambacho huwa ananiitia mezani kwake, sasa kilikuwa kinaletwa chumbani kwangu, bukari na mboga, ugali umefunikwa vizuri, bila neno. Nikajua nimefukuzwa na kwamba ninangojea tu siku ya kuambiwa. Nilianza kukunja nguo zangu. Usicheke. Nilirudia barua ile kichwani neno kwa neno nikitafuta kosa, sikuliona, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Mtu afanye kila kitu sawasawa, kisha aadhibiwe kwa kunyamaziwa?

Jibu lilikuja Ijumaa, limeandikwa kwenye karatasi yenye muhuri wa duka, kwa Kiingereza. Nakutafsiria. "Ombi lako la likizo limekataliwa. Likizo ni ya mtu aliyechoka anayetaka kupumzika. Wewe huendi kupumzika. Kuhusu harusi ya dada yako, ofisi hii haina habari yoyote, kwa kuwa haijaambiwa."

Haijaambiwa! Na barua yangu iko kwenye mkoba wake! Nilimwonyesha Chola huku machozi yakinilenga. Mara hii hakucheka. Aliisoma mara mbili, akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa shati nyuma mbele.

"Umemupa barua ya bosi," akasema. "Sasa yeye anakaa na weye hapa kama nani?"

"Kama bosi."

"Awe, hapana! Nani anakupikia? Nani alikupeleka hospitali ile malaria? Kanisani unakaa benchi ya nani? Huyu ni mama yako wa huku. Dada anaolewa, weye unamuandikia tarehe ya kutoka na ya kurudi, sawa unaomba ruhusa ya kuenda choo. Haukumualika. Haukutuma mutu. Neno la ndoa hauliendei na kinywa chako mwenyewe, hata kama kinywa ni karatasi."

Nikamwuliza mbona hakuniambia siku ile aliponikuta nikiandika. Akasema alidhani sisi wa Lubumbashi ndivyo tunavyofanya. Mama, nilitamani kumpiga na boya.

Kwa Wabemba neno kama hilo linapelekwa na mjumbe, na mwenye neno anakaa kimya. Chola akajitolea kuwa mjumbe, yeye mwenye kuzika nyanya mara tatu. Akaazima kwa mke wake sahani mbili nyeupe, akaweka noti moja iliyokunjwa kwenye ya chini, akaifunika na ya juu. Jumapili baada ya ibada tukaenda. Tuliketi chini kwenye mkeka, tukapiga makofi polepole, sahani zikawekwa mbele yake.

"Mukwai," Chola akaanza na neno lao la heshima, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake dukani, "tumeona moshi kwa nyumba ya mutoto wenu. Tukauliza, ni moto gani? Tukaambiwa ni wa heri."

"Moshi gani?" akauliza Bana Mutale, macho juu, kama mtu aliyeshuka kwenye basi sasa hivi. "Mimi sijasikia kintu."

Mkoba ulikuwa pale pale kwenye kiti! Nilifungua mdomo, Chola akanifinya goti. Ikabidi aeleze yote upya: dada ni wa mama mmoja nami, baba hayupo, nani anamtoa, bwana arusi ni fundi wa magari, anasali wapi. Kwa kila jibu mama yule alikuwa anaguna kama habari ngeni kabisa. Mwisho akafunua sahani, akatazama ndani, akafunika. Ndipo akanigeukia mimi.

"Mwana wandi," akasema, "mwanangu, ile barua yako ni muzuri sana. Hakuna kosa hata moja ndani. Niliionyesha mpaka kwa pasta."

"Sasa, mukwai, mbona mulikataa?"

"Kama nilikubali, ungeenda na siku zako za likizo, na mimi ningebaki hapa kuuza ndoana, mwenye duka tu. Watu wangeniuliza, mutoto wako amekwenda wapi? Ningejibu, amechukua konji." Akatema neno hilo la likizo kama mfupa wa samaki. "Siku za likizo yako zinabaki zote, hazitaguswa. Hii si likizo. Hii ni safari yetu. Ziwa likifunguliwa tunauza siku ya kwanza mpaka jioni, weye na mimi, tunasaidiana. Kesho yake tunavuka. Dada yangu na Chola watashika duka."

"Na wateja, mukwai? Wiki hii?"

"Nyavu haziozi," akasema. "Musichana akishatoka mu nyumba, ametoka."

Unaona, Mama, nilichopata ni zaidi ya nilichoomba, na bado nimekasirika. Wiki nzima sikulala, nimekunja nguo na kuzikunjua, kumbe kilichohitajika ni sahani mbili na Chola! Hata sasa hofu haijaniachia: kuvuka kukichelewa kwa upepo, au basi likikwama kwenye matope, tutafika Jumamosi yenyewe. Nakusihi: wakiimba mlangoni, waache waimbe. Wapeni maji. Mwadi asitoke mpaka waone vumbi letu.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko hilo. Tulipokuwa tunaondoka, Bana Mutale aliniuliza taratibu, kwa sauti tofauti: "Mama yako ananijua?" Nikajibu, "Sana." Mama, tangu nifike huku nimekuandikia habari za mshahara, mvua na malaria, na yeye nimemtaja mara mbili tu, kama bosi. Kisha akauliza kitenge cha familia cha harusi ni cha rangi gani. Hakusema anakitaka. Aliuliza tu, akaendelea kupangusa meza iliyokuwa safi.

Kwa hiyo nakuomba: kabla hamjagawana, kata vipande vya kumtosha mama mnene, uvitume kwa dereva yule yule, Mama Kabibi atavivusha akirudi. Avae alipo, apande mtumbwi amekwisha kuvaa. Na uvitume kwa jina lako, si kwa jina langu. Mimi nimeshaandika vya kutosha.

Msalimie Mjomba, mdogo wako, umwambie atafanya mazoezi ya hotuba yake bure, kwa sababu nakuja. Msalimie shangazi anayesuka watu nywele pale kona, na mama mkwe mtarajiwa wa Mwadi, kwa heshima. Mwadi mwenyewe mwambie kaka yake anakuja, na kwamba upande wetu una mama wawili.

Mimi mwanao, ninayekukumbuka kila sufuria inapofunuliwa,

Kyungu