Kuwapa Mbuzi Mgongo

Mzee Lameck,

Shikamoo. Sijui kama huko uliko marahaba bado inaitikiwa, au mmekuwa rika moja nyote. Hilo ni swali langu la kwanza, na yapo mengine. Ni mimi Somoe, yule uliyemwita Mbona kwa sababu kila ulichofanya nilikiulizia mbona.

Nimesajiliwa, Mzee. Naanza na hilo kwa kuwa ndilo uliloniuliza siku ya mwisho tulipoonana, pale wodini Ruangwa, sauti yako ikiwa imebaki kidogo tu. "Usajili umefika wapi?" Nikakujibu unakwenda vizuri. Haukuwa unakwenda popote. Ndani ya mkoba wangu mlikuwa na fomu mpya ya tathmini ya mafunzo kwa vitendo, nimeileta uitie saini, lakini nilipokuona vile sikuitoa. Nilikumenyea chungwa, ukala pande moja, nikaondoka.

Utataka kujua ile fomu ya kwanza ilikuwa na tatizo gani. Ni muhuri. Unakumbuka muhuri wa ofisi yako ya mifugo pale Nandagala ulivunjika mpini, wewe ukaingia chumba cha pili kwa Mtendaji wa Kata, ukaazima wake, ukagonga. Nikauliza mbona huo si wa mifugo. Ukacheka. "Muhuri ni muhuri, Mbona." Na kweli pale kata nzima imezoea hivyo, ukitaka kibali cha kusafirisha mbuzi au barua ya shule, unagongewa ulipo. Chuo hakijazoea. Saini ni ya Afisa Mifugo, muhuri ni wa Mtendaji, basi wakairudisha: ijazwe upya na msimamizi yule yule, kwa muhuri wa ofisi yake. Fomu ilinifikia ukiwa umeshalazwa. Haikupita muda, wakakusafirisha kwenu Kasulu kukuzika, nami sikuwa na uwezo wa kufika.

Nilisikitika, Mzee, nisikufiche. Nililia kwa ajili yako, halafu nikajikuta nalia kwa ajili ya fomu, nikaona aibu.

Bila tathmini ile, chuo hakikutoa matokeo yangu kamili. Bila matokeo hakuna cheti, na bila cheti Baraza la wataalamu wa mifugo halisajili mtu. Kwenye mfumo wao nilikuwa nimeshapandisha cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na picha, nakala zote zimethibitishwa na wakili. Kila nikifungua naona maneno yale yale: nyaraka hazijakamilika. Mwenye duka la dawa za mifugo Nachingwea alikuwa ameniahidi kazi, akawa anapiga simu kuuliza, mwishowe akawa hapigi.

Nyumbani Mkotokuyana ndiko kulikuwa kugumu zaidi. Jirani yetu Bi Tatu alikuja na habari ya mbuzi wake anayekonda. Nikamweleza kwamba nilipokuwa mwanafunzi nilitibu chini ya mkono wako, sasa nimemaliza na sijasajiliwa, sheria hainiruhusu kumtibia mtu mnyama. Nikamwelekeza kwa afisa wa kata, kumbe amesafiri. Bi Tatu aliniangalia kutoka kichwani hadi kwenye kandambili. "Sasa mwanangu, ulikwenda kusoma nini?" Akamwita kijana mmoja wa mnadani, akamchoma mbuzi sindano anayoijua mwenyewe. Mbuzi akafa. Tangu hapo Bi Tatu akawa akinisalimia kwa mbali.

Hapo ndipo nikaanza kuitafuta ile karatasi kama ulivyonifundisha kutafuta ugonjwa, kwa kuuliza nani alikigusa kitu mwisho, kabla yake nani. Chuo wakaniambia msimamizi akifariki, mkuu wake wa kazi anaweza kutathmini badala yake, kwa barua, na awe ameniona nikifanya kazi kwa macho yake. Mkuu wako wa kazi ni daktari wa mifugo wa wilaya. Nikapanda gari la asubuhi kwenda Ruangwa.

Unamjua alivyo, maneno yake ni ya kupimwa. Alithibitisha kwenye mafaili kwamba ulikuwa msimamizi wangu, kisha akasema hasaini mtu asiyemjua. Tukaenda Likunja, zizi la mbuzi la mzee mmoja. Akasimama pembeni mikono nyuma. "Fanya."

Mimi nikamwacha mwenye mbuzi aseme kwanza, kama ulivyotaka siku zote. Halafu nikaingia zizini, nikawapa mbuzi mgongo, nikatulia. Sikufikiri, mwili ulifanya wenyewe. Nilikuuliza mara ngapi, Mzee, mbona unawageuzia mgongo wanyama uliokuja kuwaangalia? Na wewe jibu lako lilikuwa moja: "Subiri usajiliwe." Nilidhani ni mzaha, au kwamba unawaogopa pembe.

Daktari akauliza nafanya nini. Nikasema ukweli, sijui, ndivyo alivyofanya Mzee Lameck. "Muhuri wake haupo," akasema, "lakini huo mgongo naujua." Akageuza uso kuangalia bondeni. Nadhani na yeye anakukosa.

Hakunipunguzia chochote. Nilipima joto, nikahesabu pumzi, nikafunua kope, nikakadiria uzito wa kila aliyestahili dawa kabla ya kuvuta kipimo kwenye sindano. Jioni akasaini fomu, akagonga muhuri wa ofisi ya mifugo, akaukandamiza sana. Chuo kikatoa matokeo na cheti, nikavipandisha. Mfumo ukanipa namba ya malipo, nikalipa, nikasubiri maombi yapitiwe. Ujumbe uliingia nikiwa natwanga kisamvu, umeidhinishwa. Nikaenda stesheneri kuchapisha cheti cha usajili, na yule dada wa kompyuta akanipongeza kama ndugu yake.

Bi Tatu alisikia. Hakuniita, alimtuma mjukuu wake aseme mbuzi wengine wawili hawaeleweki. Nikampigia yule daktari wa wilaya, ndiye anayenisimamia, maana hata sasa nafanya kazi chini yake, nikaenda. Bi Tatu alisema yake yote, na ya mbuzi aliyekufa pia, nikamsikiliza. Kisha nikaingia, nikawapa mgongo, nikatulia.

Nikasikia pumzi ya moto nyuma ya goti. Mmoja ananusa suruali. Mwingine akavuta kamba ya mkoba, wa tatu akatafuna upindo wa kanga yangu. Walikuwa wanataka kujua mimi ni nani. Nilipogeuka taratibu, wote walikuwa wamenizunguka, isipokuwa wawili waliobaki ukutani, wanaangalia chini. Mmoja ana uvimbe chini ya taya, kope kwa ndani nyeupe. Mwenzake kope zimepauka vilevile. Minyoo. Nikawanywesha dawa polepole isije ikaingia mapafuni.

Kumbe mbuzi mzima ni yule anayeuliza. Nilicheka peke yangu mle zizini mpaka Bi Tatu akachungulia. Miezi yote ile ukiniita Mbona, nilidhani unanilalamikia.

Nimebaki na swali moja ambalo sitalijua: wewe nani alikufundisha?

Lala salama, Mzee wangu. Kasulu nitafika, nisimame kwenye kaburi lako na cheti mkononi. Leseni yangu nitaihuisha kila mwaka, na muhuri wangu nimeshauagiza, hatauazima mtu. Na akija mwanafunzi akaniuliza mbona nawapa mbuzi mgongo, nitamwambia asubiri asajiliwe.

Wako,
Mbona