Maneno ya Kukaribisha Wageni wa Nyamusi

Migori, 4 Machi 2024

Kwa Mzee Mayaka,

Salamu. Natumai u mzima huko Homa Bay. Sisi hatujambo. Mama anaendelea vizuri, ni goti tu linalomsumbua mvua ikikaribia.

Sitazunguka. Jumapili ya tarehe 14 Aprili watu wa mchumba wangu Wesley wanakuja kutoka Kendu Bay kwa sherehe ya uchumba, hapa nyumbani kwa Baba Mkubwa Obare. Wao ni Wajaluo, sisi Wakisii, kwa hivyo tunahitaji MC wa Kiswahili anayezijua pande zote mbili. Watu wanasema huko kwenu hakuna anayekushinda. Umekaribisha familia za watu miaka yote hii, sasa nakuomba uzikaribishe hizi mbili.

Lakini nakuomba uje kama MC. Atakayekaa mahali pa baba ni ndugu yako Obare, kwa sababu ndiye aliyebaki nasi ulipokwenda kuchimba dhahabu Macalder nikiwa darasa la pili, na hukurudi. Utamtaja hivyo mbele ya wageni. Kama huwezi, sema sasa.

Niandikie hotuba ya ufunguzi niisome kwanza. Usipige simu. Kwenye simu unaongea kama uko jukwaani, na mimi huishia kukubali mambo ambayo sikuyataka. Tuma kupitia ofisi ya vifurushi pale stendi, kama nilivyotuma hii.

Ni mimi,
Binti wa Kemuma


Homa Bay, 11 Machi 2024

Mwanangu Nyamusi,

Bwana asifiwe. Nimepokea barua yako nikaisoma nimesimama hapo hapo ofisini, hadi karani akaniuliza kama kuna msiba. Mimi ni mzima. Mpe mama yako pole ya goti, kama atapenda kuipokea kutoka kwangu.

Nitakuja. Haya ndiyo maneno:

"Wazee wetu, mama zetu, watumishi wa Mungu, oyawore. Bwakire buya. Wageni wetu kutoka Kendu Bay, asanteni kwa safari. Wenyeji wetu wa hapa wanasema karibuni sana, mkae, mpumzike. Kabla ya neno lingine lolote, pasta atatuombea. Kisha mwenye boma atawasalimu na kuwatambulisha watu wake. Baada ya hapo kipaza sauti kitakwenda kwa msemaji wa wageni, naye mwenyewe atatueleza kilichowaleta."

Nimeanza na salamu ya asubuhi, kwa Kijaluo na kwa Kikisii. Ni fupi makusudi. Wageni watakuwa wametoka kusimama langoni muda mrefu, na kuna wazee. Umeona pia sijasema wamekuja kufanya nini? Kila mtu anajua, hata kuku wanajua, lakini hayo ni maneno ya msemaji wao. Kuna kijana mmoja Awendo alifungua sherehe kwa kutangaza kwamba wageni wamekuja kuchumbia. Mzee wa wageni akakunja karatasi yake akasema basi hana la kuongeza. Tulimbembeleza saa nzima.

Jina lako pia sitalitaja. Wewe utakuwa ndani ya nyumba mpaka wazee wakubaliane uitwe.

Baba yako


Migori, 19 Machi 2024

Kwa Mzee Mayaka,

Habari za huko? Huku tunashukuru Mungu, mvua imeanza.

Hotuba ni nzuri. Nimemsomea Mama, akacheka hapo kwa kuku.

Ila "wenyeji wetu wa hapa" ni akina nani? Nimemuuliza rafiki yangu Valary, ambaye sherehe yake uliiongoza mwaka jana. Anasema ulimtaja baba yake mara tatu kabla hata ya maombi. Kwa hivyo jina la mwenye boma unajua kulitaja, la Obare ndilo limekushinda.

Baba Mkubwa ndiye aliyetia sahihi fomu zangu zote za shule, pale palipoandikwa "mzazi". Nilipolazwa na malaria alilala kwenye benchi siku tatu. Sitaki mtu huyu aitwe "wenyeji". Mtaje, au nitafute MC mwingine.

Binti wa Kemuma


Homa Bay, 27 Machi 2024

Mwanangu,

Natumai hamjambo nyote. Umenishika, na sina cha kujitetea. Niliandika jina nikalifuta, nikaliandika tena, kisha nikajiambia hutaona.

Sasa ni hivi: "Baba wa boma hili, na baba wa binti wetu, Bwana Obare, pamoja na Mama Kemuma, wanasema karibuni sana." Nimejisomea mbele ya kioo hadi sauti ikaacha kukwama.

Nitafika saa mbili asubuhi kupanga viti. Pande mbili zitazamane, wageni wasipigwe na jua, na safu ya mbele isiwe na kiti kitupu hata kimoja. Kiti kitupu mbele huwafanya wageni wajiulize ni nani amesusia, na hapo hotuba yoyote imekufa. Monari, ninayefanya naye kazi, nitakuja naye.

Baba yako


Homa Bay, 22 Aprili 2024

Mwanangu Nyamusi,

Salamu nyingi, na hongera. Monari ameniambia ulivyotoka na shangazi zako, na kwamba msemaji wa Kendu Bay aliongea vizuri. Najua utaniuliza kwa nini nilimwachia Monari kipaza sauti baada ya maombi nikaondoka.

Kumtaja Obare niliweza. Nilimtazama usoni nikasema "baba wa binti wetu", na sauti haikukwama. Lakini mbele yangu kulikuwa na kazi ya kuwaambia shangazi wakulete. Nikaona ukitoka na nimesimama pale kama mtu wa kukodiwa, nitalia, na MC akilia sherehe yote inakuwa yake. Siku ilikuwa yako. Nilipita nyuma ya jikoni nikaenda.

Kazi ilikwenda vizuri, nadhani. Kitu kimoja tu kilinisumbua. Wageni walipokaa niliona kiti kitupu kando ya Obare, kile kizuri cha sebuleni chenye kitambaa cha kufuma. Obare alikuwa ameinuka kuwasalimu wageni. Nikamkalisha hapo nyanya yake Wesley, aliyekuwa amebanwa nyuma. Safu ikajaa, nikaanza.

Baba yako


Migori, 6 Mei 2024

Kwa Mzee Mayaka,

Hujambo? Sisi ni wazima. Mama anakusalimu, na safari hii amesema mwenyewe nikuandikie hivyo.

Nilikusikia kutoka chumbani. Ulipomtaja Baba Mkubwa, nilishika mkono wa Mama. Asante. Nilipotoka nilikutafuta, nikamwona Monari.

Wazo la kukuita halikuwa langu. Mimi nilikataa wiki mbili. Ni Baba Mkubwa aliyesema, "Huyo ukimpa kiti hatakuja, mpe kipaza sauti." Kile kiti alikitoa sebuleni kwa mikono yake, akakifuta vumbi, akaomba kitambaa kwa Mama. Mpango wake ulikuwa kwamba ukimaliza kufungua na pasta akishaomba, asimame kuwasalimu wageni, akushike mkono, awaambie wewe ni nani, kisha akukalishe kando yake. Hakuniambia hata mimi hadi jioni. Alisema aligeuka kukutafuta, akamkuta nyanya ya Wesley ametulia na soda yake.

Hakukasirika. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akatoka nje akakaa peke yake.

Harusi ni Desemba. MC tumeshampata. Baba Mkubwa anasema uje mapema na uketi kabla mtu hajaanza kupanga viti.

Binti yako,
Nyamusi