Bi Zuwena na Beseni la Kukojolea

Jumanne. Joto limenichosha tangu asubuhi, na hasira imemalizia.

Leo nilitoa mhadhara wa kwanza wa kozi ya sanaa katika kituo kimoja cha utamaduni hapa mtaani kwetu, Khuwair ya Kusini. Mkuu wa kituo alishasema: wasipojiandikisha watu kumi, kozi inafutwa. Mwaka jana walijiandikisha watatu, mmoja wao dada yangu.

Nikaamua kuwashtua. Nilikwenda mtaa wa Ghala, kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, nikanunua beseni jipya la kauri, la kukojolea wanaume, nikalilaza chali juu ya meza ya mbele. Watu waingie, wakasirike, kisha niwaeleze.

Nilikwenda kuswali. Niliporudi, Bi Zuwena, mwangalizi wa ukumbi, alikuwa amelifukiza udi na kulijaza mawaridi.

Watu wakaingia. "Mashaallah!" Wakapiga picha.

Nilipandwa na mori. Nikawaambia kwamba wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Mfaransa mmoja alipeleka beseni kama hili New York, kwenye maonyesho yaliyoahidi kupokea kazi ya kila msanii aliyelipa ada. Alilitia saini ya jina la uongo. Waandaaji wakalificha. Kule Zurich, wasanii waliokimbia vita, waliojiita Dada, neno lao tu, si dada wa kuzaliwa naye, walikuwa wakighani mashairi yasiyo na maana: kama akili ya wastaarabu ndiyo iliyoleta mahandaki, basi heri upuuzi. Yule Mfaransa hakutengeneza kitu. Alichagua kitu kisichompendeza wala kumchukiza, akakiondoa kwenye kazi yake ya kawaida, akakipa jina jipya. Sanaa ikawa uamuzi, si ustadi wa mikono.

Mzee Nassor, mhandisi mstaafu, akainua bakora.

"Basi mwalimu, Bi Zuwena kakupiku. Kachagua, kaliondoa kazini."

"Hapana! Kalipa kazi nyingine. Sasa ni chombo cha maua!"

"Na wewe ulilipa kazi ya kutushtua. Hiyo si kazi?"

Mimi, niliyegombana na kila mhariri wa gazeti mji huu, nikawageuzia wengine swali.

Ukumbi ukalipuka. Nani anaamua, msanii, kamati au sisi tunaotazama? Je, likisifiwa na wote, bado linauliza swali lolote? Mama mmoja aliapa kwamba choo ni choo hata kikipelekwa ikulu. Walibishana mpaka kahawa ikapoa.

Bi Zuwena alisimama mlangoni, kakunja uso.

"Mie hiyo sanaa siijui. Nlona aibu tu, wageni waja na choo ki wazi."

Wakampigia makofi.

Wamejiandikisha kumi na wanne. Kozi imepona, na nilikimbilia karatasi ya kujiandikisha kama mtoto. Kwenye nafasi ya maoni, tisa wameandika kwamba wangependa kufundishwa na Bi Zuwena.

Nimekereka. Nimecheka pia, peke yangu, ndani ya gari.

Kesho nitamwomba tufundishe pamoja. Nikimwambia kwamba ameshinda, atanielewa, au atanifukiza udi na mimi?