Bahasha ya Walimu au Sanduku la Bati

Jumapili, Julai. Sumbawanga.

Baridi ya leo haina adabu. Upepo unavuma tangu alfajiri, na kanisani tulikaa tumejikunyata, hata kuimba tuliimba meno yakigongana.

Jana tulimwoza Oresta. Kesho nitakaa mbele ya Mwalimu Mkuu. Na asubuhi hii nimemwambia mume wangu neno ambalo sikujua kama ninalo mdomoni.

Nianze na michango.

Oresta tunafundisha naye, yeye darasa la kwanza, mimi la tatu. Ni binti wa wakulima wa ulezi wa huku huku Ufipa, mpole, lakini si mjinga hata kidogo. Alipotangaza ndoa, kila mwalimu alitoa shilingi kumi, na kwa kuwa mimi ndiye mweka hazina wa chai, hela zikaishia kwangu. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Wanaume walitaka bahasha. Bahasha ina heshima yake: msema chochote wa sherehe anaifungua mbele ya watu, anasoma kiasi, anataja shule, makofi yanapigwa. Wanawake tulitaka kitu cha nyumba. Mwalimu Mkuu alisikiliza kidogo, akachoka.

"Ndugu Tumpe, amua wewe," alisema. "Lakini shule isiaibike."

Kuamua gani huko! Ukikosea umekosea peke yako.

Siwezi kusema bahasha haina maana. Madukani hamna kitu. Duka la ushirika lilileta mabeseni ya bluu tu, na kila mtu niliyekutana naye mtaa wa Chanji alikuwa ameshanunua beseni kwa ajili ya harusi hiyo hiyo. Mtu mwenye hela anaweza kusubiri blanketi zije, akanunua. Mtu mwenye mabeseni ya bluu atayafanyia nini zaidi ya kufulia? Tena maharusi wanaanza maisha kwa wazazi wa mume mpaka wajenge. Sufuria ikiingia nyumba ile inakuwa sufuria ya jiko la mama mkwe, na hutaiona tena ila ukitumwa kuiosha.

Nilikuwa nimeshaelekea kwenye bahasha, nasema kweli.

Halafu Alhamisi Oresta akanikuta nafuta ubao. Watoto walikuwa wameshatoka. Alisimama mlangoni, akaangalia nyuma, akasema kwa sauti ndogo, "Dada Tumpe, mkinipa hela nitazisikia kwa masikio tu."

Sikumuuliza maana yake. Naijua. Baba mdogo wa bwana harusi, mzee Kasiano, ndiye mwenyekiti wa shughuli na ndiye anayekaa na sinia la zawadi. Ng'ombe amekopwa, lori la kubeba watu limekopwa, pombe ya ulezi imekopwa kwa akina mama wa mtaani. Hela ikitua kwenye sinia inaenda kulipa vyote hivyo, na hakuna anayeona ni wizi, kwa sababu sherehe si ilikuwa yao maharusi? Mimi mwenyewe niliolewa Mbeya kwa namna hiyo. Hela zangu zilisomwa zikapigiwa makofi, na Jumatatu nilibaki na birika.

Nilikasirika upya, kama vile nimeolewa jana.

Ijumaa mchana nilikwenda Katandala kwa fundi bati. Alikuwa na sanduku moja limekamilika, limepakwa rangi ya kijani, kubwa la kutosha nguo za mtu mmoja na shuka za wawili. Nikagonga ubavu, nikakagua bawaba, nikaona sehemu ya kupitishia kufuli ni imara. Hela ya walimu ikaisha yote hapo. Kufuli nililipata kwa mfanyabiashara wa jirani kwa kumwachia kuku wangu wa mayai. Lina ufunguo mmoja tu. Aliniambia wa pili ulipotea, nami sikubishana, maana mmoja ndio nilioutaka.

Chombo kitupu hakitolewi harusini, kila mwanamke anajua. Mwalimu Adelina alileta sukari kilo moja na kipande cha sabuni ya mche, vitu ambavyo siku hizi mtu anavificha hata kwa wageni. Mimi nikaweka kanga. Tukafunga. Adelina akaniuliza kama nitamwambia Mwalimu Mkuu kabla. Nikamwambia ndiyo, nikijua sitamwambia.

Nilijua angekataa.

Jana, baada ya misa, tulikwenda Chanji nyumbani kwa bwana harusi. Uwanja ulijaa. Oresta alikaa kwenye kiti na shela lake, glavu nyeupe mikononi, macho chini, kama bibi harusi anavyotakiwa. Msimamizi wake upande huu, mume wake Fidelis upande wa pili. Mbele yao meza, na mezani sinia limefunikwa kitambaa, na nyuma ya sinia mzee Kasiano amekaa kama mwenye duka.

Wakaitwa ndugu. Wakaitwa majirani. Mabeseni ya bluu yakaja yamewekwa kichwani, yanacheza na ngoma, na kila beseni lilipotua watu walicheka zaidi. Bahasha zikasomwa. Kila iliposomwa mzee Kasiano aliinua kitambaa, akaiingiza, akafunika. Nilimwangalia Oresta. Hakuinua macho hata mara moja, lakini kila mara sinia lilipofunikwa vidole vyake vilikunjana.

"Walimu! Walimu wetu waje!"

Tulitoka tukicheza. Adelina na mimi tulibeba sanduku, huku na huku, na Mwalimu Mkuu akatangulia na tai yake. Nilimwona alivyogeuka akaliona sanduku kwa mara ya kwanza. Hakusimama, maana ngoma ilikuwa inalia, lakini shingo yake ilikakamaa.

Vigelegele vilikuwa vingi kwanza. Sanduku si beseni. Halafu msema chochote akalitikisa, likatoa mlio wa kitu ndani, akapiga kelele, "Limefungwa! Hili limefungwa, jamani! Mnataka kuona?"

"Tunataka!" ukajibu uwanja mzima.

Mzee Kasiano akasimama. Kwanza akatabasamu na kuuliza, "Walimu, na bahasha je?" Watu wakacheka. Mwalimu Mkuu akakohoa. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha mzee akanyoosha mkono kwangu, kiganja juu, kwa upole kabisa, kama mtu anayepokea chenji yake.

"Lete ufunguo, mwanangu. Tulifungue, watu waone."

Yule ni mzee. Nimemwamkia shikamoo asubuhi kanisani na atanitazamia shikamoo kesho sokoni. Mimi ni mtu wa kuja, Mnyakyusa, naishi hapa kwa sababu serikali ilinileta. Nikimnyima mbele ya watu, nitakuwa nimemnyima mzee wao, nyumbani kwao, siku ya furaha yao. Na nikimpa, sukari itakwenda jikoni kwenye chai ya wageni, sabuni itafuata, na ufunguo utaning'inia kwenye mkanda wake. Oresta atabaki na bati lililopakwa rangi.

Ufunguo ulikuwa umelowa jasho mkononi mwangu. Kwenye baridi ile!

"Shikamoo, baba," nilisema, ingawa nilikuwa nimeshamwamkia. Sikujua neno jingine la kuanzia. "Ya ndani ni ya mwenye sanduku. Atafungua mwenyewe, siku yake."

Nikampita. Hatua chache tu, ila nilizisikia zote. Nikapiga goti mbele ya Oresta kama tunavyopiga goti kumkabidhi bibi harusi zawadi, nikamwekea ufunguo kiganjani.

Kwa mara ya kwanza siku nzima aliinua macho. Hakunitazama mimi, alimtazama Fidelis. Kijana wa watu aliutazama ule mkono, akamtazama baba yake mdogo aliyebaki na kiganja wazi, akajifanya anarekebisha ua lake la kifuani. Sijui kama ule ulikuwa woga au ulikuwa ruhusa. Oresta naye hakungoja kujua. Aliuchomeka ufunguo ndani ya glavu, chini ya kiganja, akarudisha mikono mapajani, akarudisha macho chini.

Halafu bibi mmoja upande wa akina mama akapiga kigelegele peke yake, na msema chochote, Mungu ambariki, akaita watu wa posta waje na zawadi yao.

Mama mkwe wa Oresta hakupiga kigelegele. Alikuwa anaitazama ile glavu.

Tulipokuwa tunakula Mwalimu Mkuu aliniinamia na kusema, "Mwalimu Tumpe, Jumatatu ofisini kwangu." Wali ulikuwa mtamu, nasikia. Mimi sikuonja kitu.

Usiku sikulala vizuri. Nimejiuliza mara nyingi kama nimemsaidia yule binti au nimemwingiza vitani siku yake ya kwanza. Mimi nimerudi kwangu. Yeye amebaki mle, na kila anayepita chumbani atalikuta lile kufuli linamtazama. Watamuuliza anaficha nini. Atajibu nini? Sikumfundisha jibu. Nilimpa ufunguo tu na kurudi kucheza ngoma.

Lakini alikuja mwenyewe mlangoni pa darasa langu Alhamisi. Hilo nalishikilia.

Leo tuliporudi kutoka kanisani nilimpikia mume wangu chai. Ambakisye ni bwana shamba, mtu mtaratibu, hajanipiga hata siku moja, na majirani wananiambia nina bahati. Jana alikuwepo, alikaa na wanaume wenzake, akaona kila kitu. Alikunywa chai nusu kikombe, akauliza huku anatazama dirishani:

"Mama Lusajo. Na wewe unataka kufuli?"

Alikuwa anatania, nadhani. Au alitaka nicheke ili yaishe. Kila mwisho wa mwezi napokea mshahara wangu kwa saini yangu, nautembeza mpaka hapa, nampa mkononi, na nikihitaji chumvi naomba. Miaka yote hiyo sijawahi kuona ajabu. Nilikuwa nimeshika birika, namwongezea chai.

"Nataka," nilisema.

Kikombe kilijaa, chai ikamwagika mezani, na hakuna aliyefuta. Amechukua koti, ametoka. Amesema anakwenda kuangalia shamba la mahindi, ambalo tulishavuna.

Mwalimu Mkuu simwogopi sana sasa. Nitamweleza sanduku liligharimu nini, na akitaka nitamlipa shilingi zake kumi. Huyu aliyetoka na koti ndiye ninayemngoja. Nimeandika hadi hapa nikisikiliza njia, na mara mbili nimedhani ni yeye kumbe ni upepo.

Sasa ni yeye. Namsikia anakung'uta viatu mlangoni.

Asubuhi neno lile nililisema nimesimama, birika mkononi, kama mtu aliyeteleza ulimi. Akiingia nitamwomba akae, nami nitakaa, nitalisema tena.