Ombi la Fundi Mwashi

Jumapili, tarehe 2 Februari

Babu mpendwa,

Shikamoo. Naahidi kwamba katika barua hii nitakueleza kila kitu, hata yale ambayo Bibi amenikataza, kwa sababu nimechoka na barua zinazosema "sisi wazima" na kuishia hapo.

Miguu yako inaendeleaje? Siku ya kukutembelea niliona umekata viatu pembeni ili miguu iingie. Ulisema ni joto. Babu, niko kidato cha pili na nimesoma kitabu cha baiolojia. Joto halivimbishi miguu miezi mitatu. Na yule mwenzako wa selo aliyepita nyuma yako alimwambia Bibi, "Mama, huyu mzee analala ameketi kama abiria." Bibi hajala vizuri tangu siku hiyo.

Kwa hiyo nimeanza jambo. Nilimuuliza mwalimu wetu wa uraia kama mfungwa wa maisha anaweza kutoka. Akasema rufaa zikiisha, katiba inampa Rais uwezo wa kusamehe au kupunguza adhabu, ila Rais haamui peke yake chumbani. Ombi hupitia kwa mkuu wa gereza, kisha huenda kwenye kamati inayomshauri. Kamati hukaa mara mbili kwa mwaka. Kikao cha karibu ni Juni, na majalada hufungwa mwisho wa Aprili.

Jumatano nilikwenda mahakamani kuomba nakala ya hukumu yako na barua ya kuthibitisha kwamba huna rufaa inayosubiri. Karani wa masjala alinitazama sare yangu akasema, "Wewe ni wakili wake?" Nikasema mimi ni mjukuu wake. Akasema, "Basi nakuogopa zaidi." Jalada lako lilikuwa chini kabisa, limefungwa kwa kamba ya katani. Nakala nimeituma moja kwa moja gerezani ndani ya bahasha iliyopigwa lakiri, sijaisoma.

Ombi lenyewe nimeliandika, liko ndani ya barua hii. Nimeweka utangulizi, hoja tatu na hitimisho. Hoja ya kwanza ni kwamba hukufanya kosa, kama Bibi alivyonieleza tangu nikiwa mdogo. Ya pili ni ugonjwa. Ya tatu ni miaka kumi na tisa. Mimi nina kumi na mitano, kwa hiyo gereza limekufahamu kuliko mimi.

Weka sahihi ulirudishe upesi. Shikamoo pia kwa afande anayesoma barua hii kabla yako. Namwomba asipige muhuri juu ya maneno, ule wa mwezi uliopita ulinipotezea mstari mzima.

Mjukuu wako


Alhamisi, tarehe 20 Februari

Mwalimu wangu mkali,

Marahaba. Mimi sijambo kwa kiasi cha mtu wa umri wangu. Afande ameitikia salamu zako, na utaona muhuri ameupeleka pembeni kabisa, kama mtoto aliyefukuzwa darasani.

Ombi lako tulilisoma pamoja, mimi na sajini wa kumbukumbu, yule anayetunza majalada yetu. Alisema mwandiko ni mzuri kuliko wa mawakili. Kisha akavua miwani. "Mzee," akasema, "hii ni rufaa. Kamati haisikilizi kesi upya. Inauliza mtu huyu amekuwaje tangu siku ile, na akitoka leo atakwenda wapi. Ukipeleka hoja hii ya kwanza, wataandika kwamba hajajuta, na jalada litarudi hapa."

Nikamwambia haitapelekwa. Si kwa sababu ya kamati.

Mjukuu wangu, nilifanya.

Bibi yako alikupa hadithi nyepesi ya kubeba, usimgombeze. Tulikuwa waashi wawili, mimi na mwenzangu, miaka kumi na moja tukijenga pamoja. Asubuhi moja, mbele ya mwenye nyumba na vibarua, aliweka pimamaji kwenye ukuta wangu akasema umepinda, ubomolewe. Vibarua wakacheka. Nilimnyang'anya ile pimamaji, chuma kitupu, nikampiga nayo kichwani. Mara moja tu. Alikaa siku mbili hospitali. Jaji hakunionea.

Nakurudishia karatasi zako bila sahihi. Ukiona huwezi kuandika nyingine, nitaelewa. Daktari wa hapa anasema moyo wangu unasukuma damu kwa uvivu. Nimemwambia umejifunza kwa mwenyewe.

Babu yako


Jumapili, tarehe 16 Machi

Babu,

Shikamoo. Naona unahesabu siku ambazo sikuandika. Ni ishirini na nne. Nimesema nitaeleza kila kitu, basi naeleza.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama kwenye foleni ya maji, nikaacha ndoo yangu hapo hapo. Nilipofika nyumbani nilimuuliza Bibi, "Kwa nini?" Hakuuliza kwa nini nini. Alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja, shati moja mara tatu. Akasema, "Ulikuwa na miaka minne. Watoto wenzio walikuwa wanakuita mtoto wa muuaji. Nilitaka uwe na kitu cha kuwajibu."

Nikasema, "Nimewajibu miaka kumi na moja, Bibi. Nimewapiga wengine."

"Najua," akasema. "Nilikuwa naitwa shuleni."

Wiki nzima alinipikia na mimi nikala, basi. Nilikuchukia siku nne, Babu, nimezihesabu. Siku ya tano nikakumbuka ulivyokata vile viatu kwa ustadi, pande zote sawasawa, na nikashindwa kuendelea vizuri.

Ombi jipya ni hili hapa. Lina ukurasa mmoja na nusu, halina hoja. Linasema ulimuua rafiki yako kwa hasira na hujawahi kusema vinginevyo. Linasema kuwa kule gerezani umewafundisha watu wengi uashi na kwamba ukuta wa zahanati ni kazi yenu. Sajini athibitishe kwa ripoti ya mwenendo. Mwalimu wa uraia ameniambia pia ripoti ya daktari ya mwaka jana haifai, imezeeka. Inatakiwa mpya, ya jopo la madaktari, na isiseme tu kwamba unaumwa. Lazima iseme kama gereza linaweza kukutibu au haliwezi. Tafadhali liombe, usione haya.

Sentensi ya mwisho nimeiacha wazi. Ni ya kwako, siwezi kujuta kwa niaba yako.

Mjukuu wako


Jumatatu, tarehe 31 Machi

Mwalimu,

Marahaba, ingawa safari hii shikamoo yako ilikuwa kavu. Niliistahili.

Mwandiko huu si wangu, ni wa muuguzi. Niko hospitali ya nje tangu Jumanne, askari mmoja mlangoni na mnyororo kwenye kitanda, kana kwamba nitakimbia na miguu hii. Maji yalipanda hadi kifuani. Wameyapunguza, sasa naweza kusema sentensi nzima bila kupumzika katikati. Hapa hawaruhusu wageni kwa mfungwa, kwa hiyo msihangaike kuja. Barua huletwa na askari wa zamu.

Madaktari watatu wamenipima na kuandika kwamba moyo hautapona, na kwamba dawa na mashine ninazohitaji hazipo gerezani. Mkuu wa gereza naye ameandika maoni yake. Hakunionyesha, lakini aliniuliza kama nitakuwa na kitanda nyumbani. Mtu hawezi kuuliza hivyo bila sababu, au ndivyo ninavyojidanganya.

Ombi nimelitia sahihi. Sentensi ya mwisho niliiandika kabla sijaletwa huku: "Kila ukuta niliojenga humu ndani nimeupima mara mbili." Sajini alisema haieleweki. Nikamwambia iache.

Imebaki ripoti moja. Ofisa ustawi wa jamii atakuja kwenu kuona nitalala wapi na nani ataniuguza. Atakwenda pia kwa mjane wa mwenzangu. Maoni ya mama huyo hayaifungi kamati mikono, lakini yatasomwa. Usimfuate wewe. Nakuomba.

Babu yako


Jumapili, tarehe 13 Aprili

Babu mpendwa,

Shikamoo, na hii si kavu. Unapumuaje? Unalala? Mwambie muuguzi ahsante, na aendelee kuandika hata ukimwambia haina haja.

Ofisa ustawi alikuja Jumanne. Ni mama mfupi, ana daftari kubwa kuliko mkoba wake. Alipima mlango kwa macho, akauliza choo kiko hatua ngapi. Nikasema kumi na saba, nilishazihesabu. Akamuuliza Bibi, "Utaweza kumgeuza kitandani?" Bibi akasema, "Nimemsubiri miaka kumi na tisa, utaniuliza habari ya kumgeuza?" Ofisa akaandika. Nilichungulia, aliandika "ndiyo".

Kisha akasema ametoka kwa mjane. Mjane hakukubali wala hakukataa. Alisema, "Nitajibu nikishamwona yule mtoto anayeandika."

Babu, nilikwenda. Ulinikataza, najua, lakini niliitwa. Bibi alinisindikiza hadi kona ya mtaa wao, mtaa ambao hajaukanyaga tangu kesi, akasimama hapo na mwavuli na hakuna mvua.

Nilitarajia mtu wa umbo kubwa. Ni mama mwembamba anayeshona sare za shule. Huenda hata hii yangu ameishona yeye. Nikasema shikamoo, akanipa kiti, akaendelea kupitisha uzi kwenye tundu la sindano, ukakataa, nikampitishia. Akasema, "Ofisa amenisomea ombi. Wewe ndiye uliyeandika 'aliua'?"

"Ndiyo, Mama."

"Miaka yote nyumba yenu ilisema hakuua. Nilikuwa napita sokoni watu wananitazama kama mwongo."

Nikamwomba radhi. Akasema si mimi wa kuomba radhi, kisha akanipa kitambaa cha sare nijifute uso, akanikaripia nisikichafue.

Ndipo akanieleza. Jioni ya kabla ya siku ile, mume wake alirudi amekosa raha. Alimwambia, "Ukuta wa rafiki yangu umepinda, na kesho lazima niseme, utawaangukia watu." Mahakamani hakuna aliyeagiza ukuta upimwe. Mwenye nyumba alisema ulikuwa sawa tu, marehemu alikuwa na wivu. Mwaka uliofuata barabara ikapanuliwa, nyumba yote ikabomolewa. "Sasa hakuna wa kupima," akasema. "Amebaki mtu mmoja anayejua. Sitaki pole yake. Nataka kujua kama mume wangu alikufa akisema kweli."

Ofisa atarudi kwake Ijumaa ya tarehe 25 kuchukua maelezo, na jalada litaondoka tarehe 30. Mjane hakuniambia jibu lipi litamlainisha, na mimi sikumuuliza, nikiogopa ningekuandikia hilo. Kwa hiyo usitafute jibu litakalotusaidia. Kitanda tumekiweka karibu na dirisha, hilo halitabadilika.

Nijibu kwa askari wa zamu huyu huyu anayekuletea barua, nimemwomba asubiri jibu lako. Babu, ule ukuta ulikuwa umepinda?

Mjukuu wako